Nani Anaisoma Namba Hii? Hotuba Kuhusu Rejista ya Vihatarishi vya Bajeti

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wahasibu, wakuu wa idara na wajumbe wa bodi waliokutana kujadili maandalizi ya bajeti. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria. Majedwali yaliyoonyeshwa ukutani yameachwa, na yaliyokuwa ndani yake yamesemwa kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wakuu wa idara, wahasibu wenzangu, mabibi na mabwana.

Naomba nianze kwa kuwasomea mstari mmoja wa rejista ya vihatarishi. Unasema hivi: “Kuchelewa kwa ruzuku. Uwezekano: mdogo. Athari: kubwa. Mhusika: Idara ya Fedha.” Basi, umekwisha. Mstari huo niliuandika mimi nilipokuwa mhasibu mkuu wa shirika lililoendesha vituo vinne vya mafunzo ya ufundi, na bodi ikaupitisha bila swali hata moja. Miezi minane baadaye tulishindwa kulipa mishahara kamili, na sababu ilikuwa kitu kile kile nilichokuwa nimekitaja. Kihatarishi tulikijua, tulikiandika na tulikisaini. Kwa nini basi kilitukuta kana kwamba hatujawahi kukisikia?

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo, na nitalijibu kwa kuwapitisha ndani ya bajeti ile moja. Tarakimu za fedha nitakazotumia ni milioni. Sarafu sitaitaja kwa sababu hesabu haibadiliki kwa kubadilisha sarafu.

Bajeti yetu ilikuwa 600 kwa mwaka. Ruzuku ya mfadhili ilikuwa 360, ikilipwa kwa awamu mbili za 180, ya kwanza mwezi wa 1 na ya pili mwanzoni mwa mwezi wa 7. Ada za wanafunzi zilikuwa 180, yaani wanafunzi 600, kila mmoja akilipa laki tatu kwa mwaka, nusu mwezi wa 1 na nusu mwezi wa 7. Zilizobaki 60 zilitokana na kazi za nje zilizofanywa na karakana zetu, tano kila mwezi. Matumizi yalikuwa 50 kila mwezi, na tulianza mwaka tukiwa na salio la 20 benki. Mapato ni 600, matumizi ni 600, na mizani imelingana. Mtu angeweza kuitazama bajeti ile asubuhi hadi jioni asione kosa la hesabu, kwa sababu kosa la hesabu halikuwamo.

Lakini tazameni kilichofichwa ndani ya namba hizo. Namba 180 ya ada haikuwa namba moja, bali dhana tatu zilizozidishwa pamoja: kwamba wanafunzi watafika 600, kwamba ada haitapunguzwa, na kwamba kila aliyeandikishwa atalipa. Namba 180 ya awamu ya pili ilikuwa na dhana nne: kwamba tutapeleka taarifa ya awamu ya kwanza kwa wakati, kwamba mkaguzi wa nje atatoa hati yake, kwamba mfadhili ataipitia ndani ya siku 45 kama mkataba ulivyosema, na kwamba sarafu ya mfadhili itabadilishwa kwa kiwango tulichokiandika. Dhana hizi saba hazikuonekana popote kwenye bajeti. Zilikuwa vichwani mwetu, na kila kichwa kilikuwa na zake.

Hapo ndipo penye jambo langu la kwanza. Rejista ya vihatarishi vya bajeti haianzii kwenye orodha ya mambo ya kuogopa. Inaanzia kwenye bajeti yenyewe, ikishuka kifungu kwa kifungu, na kwa kila namba kubwa inauliza: ni jambo gani lazima liwe kweli ili namba hii iwe kweli? Ukianzia kwenye woga utaandika moto, wizi, mafuriko na mabadiliko ya sera, na rejista yako itafanana na ya jirani yako. Ukianzia kwenye namba utaandika mambo ambayo ni ya bajeti yako peke yake.

Watafiti wa taasisi ya RAND nchini Marekani, walipokuwa wakilisaidia jeshi la nchi kavu la nchi hiyo kupanga mipango ya muda mrefu, waliweka tofauti ambayo imenisaidia sana. Walizitenga dhana zinazobeba mzigo wa mpango, na miongoni mwa hizo wakazitafuta zilizo dhaifu, zinazoweza kuvunjika katika muda wa mpango. Dhana inayobeba mzigo ni ile ambayo ikianguka, mpango unabidi ubadilike. Dhana nyingine zote zinaweza kuwa za kweli au za uongo na mpango ukaendelea. Sisi tulikuwa na dhana kama 40 tulipozikusanya zote, na tulipouliza ni zipi zikianguka tutalazimika kubadilisha matumizi, zilibaki sita. Rejista yenye mistari sita inasomwa. Ile yenye mistari 40 inahifadhiwa.

Na dhana hizo sita ziandikweje? Ziandikwe kama sentensi inayoweza kukanushwa na namba siku fulani. “Ada zitakusanywa vizuri” haiwezi kukanushwa na mtu yeyote. “Kufikia tarehe 28 ya mwezi wa 2, wanafunzi 600 watakuwa darasani na watakuwa wamelipa jumla ya 90” inaweza kukanushwa tarehe mosi ya mwezi wa 3, na atakayeikanusha hahitaji kuwa na ujasiri wa pekee, kwa sababu atakuwa anasoma tu taarifa ya benki na mahudhurio ya darasani.

Sasa niwasimulie kilichotokea kwenye ada, kwa maana kina somo lake. Msajili wetu alileta taarifa mwezi wa 2 kwamba wanafunzi walioandikishwa ni 612. Tulifurahi. Dhana ilikuwa 600, tumepata 612, mstari ukapakwa rangi ya kijani. Hakuna aliyedanganya. Majina 612 yalikuwamo kwenye daftari la usajili, na msajili alihesabu alichoombwa kuhesabu. Lakini waliokuwa wakiingia darasani walikuwa 540. Wengine walikuwa wamechukua fomu, wakajaza, wakasubiri kuona kama fedha itapatikana, na hawakurudi. Na kati ya ada iliyopaswa kulipwa na hao 540, tulikuwa tumepokea asilimia 90.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Wanafunzi wamepungua kwa asilimia 10, na makusanyo yamepungua kwa asilimia 10. Wengi husikia hivyo wakaona upungufu mdogo unaovumilika. Lakini asilimia 90 ya asilimia 90 ni asilimia 81. Ada ya mwaka iliyokadiriwa kuwa 180 imegeuka kuwa 145.8, na pengo ni 34.2. Katika nusu ya kwanza ya mwaka pekee, badala ya 90 tulipata 72.9. Na wakati huo wote mstari wetu ulikuwa kijani, kwa sababu ulikuwa ukisoma fomu badala ya malipo.

Kwa hiyo kila dhana inahitaji kipimo chenye maana iliyoandikwa. Nani anahesabiwa kuwa mwanafunzi? Yule aliyejaza fomu, aliyelipa awamu ya kwanza, au aliyehudhuria siku 10 mfululizo? Jibu lolote kati ya hayo linaweza kuwa sahihi kwa kazi fulani, lakini kwa kazi ya bajeti ni moja tu linaloshika fedha. Liandikwe kwenye mstari wenyewe, ili hata msajili mpya akija asome kitu kile kile.

Ndugu zangu, sasa niingie kwenye sehemu ambayo naiona kuwa ndiyo moyo wa rejista, nayo ni safu ya athari. Wengi wetu tumefundishwa kuijaza kwa neno moja: ndogo, ya kati, kubwa. Au tunaipa namba kuanzia 1 hadi 5, tunaizidisha na namba ya uwezekano, tunapata 12 au 15, kisha tunaipaka rangi. Nawaombeni mfikirie namba hiyo 15 inamwambia nini mkurugenzi anayepaswa kuamua asubuhi ya leo. Tukio la uwezekano 5 na athari 1 linapata alama 5, na tukio la uwezekano 1 na athari 5 linapata alama 5 vilevile. La kwanza ni usumbufu wa kila wiki, na la pili ni kufunga milango. Rangi zao zinafanana.

Safu ya athari inapaswa kujibu maswali matatu yaliyo wazi: pengo ni kiasi gani, fedha zitaisha tarehe ngapi, na ni malipo gani yatakayokwama. Katika haya matatu, tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo iliyotuumiza sisi.

Tuchukue ile dhana ya awamu ya pili, na kwanza tuiangushe peke yake, huku ada zikiwa zimelipwa zote. Tulianza na 20. Katika miezi sita ya mwanzo tungeingiza 180 za ruzuku, 90 za ada na 30 za karakana, jumla 300, na tungetumia 300. Mwisho wa mwezi wa 6 salio ni 20 vilevile. Mwezi wa 7 ruzuku haijafika, lakini ada ya nusu ya pili imeingia: 20 kujumlisha 90, kujumlisha 5, kutoa 50, tunabaki na 65. Mwezi wa 8 tunaingiza 5 na kutoa 50, tunabaki na 20. Mwezi wa 9 tuna 25 za kutumia dhidi ya mahitaji ya 50. Kama matumizi yangetoka sawasawa kila siku, fedha zingeisha katikati ya mwezi wa 9. Kwa maneno mengine, ruzuku ingeweza kuchelewa miezi miwili kamili na shirika likaendelea kulipa kila mtu. Nilipoandika mstari ule wa kwanza niliowasomea, hesabu hii ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu, na ndiyo iliyonifanya nilale usingizi.

Sasa tuangushe dhana zote mbili kwa pamoja, kama zilivyoanguka. Ada ya nusu ya kwanza ni 72.9 badala ya 90, kwa hiyo mwisho wa mwezi wa 6 salio ni 2.9. Mwezi wa 7 zinaingia 72.9 na 5, zinatoka 50, tunabaki na 30.8. Mwezi wa 8 zinaingia 5, tuna 35.8, na tunahitaji 50. Fedha zinaisha yapata tarehe 21 ya mwezi wa 8, kabla ya siku ya mishahara, na pengo la mwezi huo ni 14.2. Ile nafasi ya miezi miwili imekatwa kwa zaidi ya wiki tatu, na iliyoikata ni dhana nyingine kabisa, iliyokuwa kwenye ukurasa mwingine wa rejista, ikiwa na mhusika mwingine na rangi ya kijani.

Je, mnaliona jambo hilo? Rejista inayoandika kila kihatarishi kwenye mstari wake bila kuvuka kwenda kwa mwenzake inatoa tarehe za uongo. Sisemi tujaribu kila mchanganyiko unaowezekana, kwa sababu dhana sita zina mchanganyiko 15 wa mbilimbili na hakuna mtu mwenye muda huo. Nasema tutafute zile zinazogusa akaunti ile ile ya benki katika miezi ile ile, tuziangushe pamoja, na tuandike tarehe mpya. Kwetu ilitosha kufanya hivyo mara tatu.

Kuna dhana nyingine niliyoisoma kinyumenyume kwa mwaka mzima, nayo inastahili kutajwa. Niliandika kwamba kihatarishi chetu ni sarafu yetu kushuka thamani, kwa kuwa tulikuwa na manunuzi ya 60 kutoka nje. Ikishuka kiasi cha kufanya bei ya vitu vya nje ipande kwa asilimia 15, tungelipa 9 zaidi. Ni kweli. Lakini mkataba wa ruzuku ulikuwa kwa sarafu ya mfadhili, na awamu ya pili ya 180 ingebadilishwa kwa kiwango cha siku ya kupokelewa. Mabadiliko yale yale yangetuongezea 27. Hatari yetu halisi ilikuwa upande wa pili: sarafu yetu ikipanda na fedha za nje zikashuka kwa asilimia 10, tungepoteza 18 kwenye ruzuku na kuokoa 6 tu kwenye manunuzi, yaani pengo la 12. Kiwango cha kimataifa cha ISO 31000 kinaeleza kihatarishi kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo, na kinakubali kwamba athari hiyo inaweza kuwa ya kuongeza au ya kupunguza. Mimi nilikuwa nimesoma gazeti likisema sarafu kushuka ni mbaya, nikaandika hivyo, bila kuuliza ni mbaya kwa nani. Hata hivyo, msiihesabu ile ziada ya 27 kuwa yenu kabla ya kusoma mkataba, kwa kuwa baadhi ya wafadhili hudai ziada ya ubadilishaji irejeshwe au itumike kwa kibali chao.

Sasa, wenzangu, tufike kwa mtu. Mstari wetu ulisema mhusika ni “Idara ya Fedha.” Idara haina macho. Idara haiamki asubuhi ikakumbuka kwamba leo ni tarehe 15. Lakini hata tungeandika jina langu, bado tungekosea, na nawaomba mnisikilize hapa kwa makini. Mimi ningejua lini kwamba ruzuku imechelewa? Ningejua mwezi wa 7, nilipofungua taarifa ya benki na kuikosa. Kwa kipimo cha fedha kufika benki, hakuna namna ya kujua mapema zaidi. Mtu aliyejua mapema alikuwa mwingine. Afisa miradi, aliyekuwa akiandaa taarifa ya awamu ya kwanza, alijua tangu mwezi wa 4 kwamba mkaguzi wa nje amekataa kuanza kazi kwa sababu hati 19 za malipo kutoka kituo kimoja hazijulikani zilipo. Alikuwa akizitafuta. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwake lile lilikuwa tatizo la makaratasi, na hakuna aliyemwambia kwamba makaratasi yale yamefungwa kwenye mishahara ya mwezi wa 8.

Kwa hiyo swali la nani anafuatilia halijibiwi kwa kuangalia muundo wa ofisi na kumchagua mwenye cheo kinachofanana na kihatarishi. Linajibiwa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Natumaini mtaniruhusu nihesabu polepole.

Fedha zinaisha tarehe 21 ya mwezi wa 8. Tungefanya nini kuzuia? Tulikuwa na njia mbili za maana. Njia ya kwanza ilikuwa mkopo wa muda mfupi wa benki, na benki yetu ilichukua wiki sita kuuidhinisha, kwa hiyo maombi yalipaswa kuwa benki ifikapo tarehe 9 ya mwezi wa 7. Lakini mkopo ulihitaji idhini ya bodi, na bodi ilikutana mwisho wa kila robo mwaka, kwa hiyo siku ya mwisho ya uamuzi ilikuwa kikao cha mwezi wa 6. Njia ya pili, iliyo rahisi zaidi, ilikuwa kuahirisha ununuzi wa mashine za karakana wa 24, uliopangwa kulipwa 12 mwezi wa 7 na 12 mwezi wa 8. Tungeuahirisha, mwezi wa 8 ungeisha tukiwa na salio la 9.8 badala ya pengo la 14.2. Lakini agizo la mashine hizo lilisainiwa mwisho wa mwezi wa 5, na baada ya saini hakuna kuahirisha bila faini.

Basi siku ya mwisho ya uamuzi wa gharama nafuu ilikuwa mwisho wa mwezi wa 5. Mimi, mfuatiliaji kwa mujibu wa rejista, ningeiona dalili mwezi wa 7. Rejista yetu ilikuwa imemkabidhi ulinzi mtu ambaye macho yake yanafunguka zaidi ya mwezi mmoja baada ya mlango kufungwa.

Tuendelee kurudi nyuma. Ili ruzuku ifike mwanzoni mwa mwezi wa 7, mfadhili apewe siku zake 45, kwa hiyo taarifa na hati ya ukaguzi zimfikie katikati ya mwezi wa 5. Ili hati ya ukaguzi iwe tayari katikati ya mwezi wa 5, mkaguzi aanze kazi mwezi mmoja kabla, akiwa na hati zote za malipo. Kwa hiyo kipimo cha dhana yetu ni idadi ya hati za malipo zinazokosekana ifikapo tarehe 15 ya mwezi wa 4. Kizingiti, yaani kiwango ambacho kikivukwa lazima hatua ichukuliwe, ni sifuri. Na anayeweza kuisoma namba hiyo siku hiyo ni afisa miradi, si mhasibu mkuu.

Mnaona jinsi mstari ulivyobadilika? Ulikuwa na maneno kumi na moja. Tulipouandika upya mwaka uliofuata ulisomeka hivi: “Awamu ya pili ya 180 itafika benki ifikapo tarehe 5 ya mwezi wa 7. Ikikosekana, na ada zikiwa chini ya asilimia 85, fedha zitaisha kabla ya mwezi wa 8 kwisha na mishahara ndiyo itakayokwama. Afisa miradi anahesabu hati za malipo zinazokosekana kila tarehe 15 kuanzia mwezi wa 3, na msaidizi wake anahesabu akiwa hayupo. Tarehe 15 ya mwezi wa 4, ikikosekana hata moja, anamwandikia mkurugenzi siku hiyo hiyo. Mkurugenzi ana mamlaka ya kusimamisha agizo la mashine bila kusubiri bodi, na bodi inaarifiwa kikao kinachofuata.”

Angalieni kwamba ndani ya mstari huo kuna watu wawili wenye kazi mbili tofauti. Yuko anayesoma na yuko anayeamua. Tukiwachanganya, tunaleta balaa la aina mbili. Anayesoma akikosa pa kupeleka alichosoma, namba inakufa mikononi mwake, kama zilivyokufa zile hati 19. Na anayeamua akiwa ndiye pekee anayesoma, atasoma kwa matumaini, hasa kama namba hiyo ndiyo inayopimia kazi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, makusanyo ya ada tuliyaondoa kwa msajili na kumpa mhasibu wa mapato, huku msajili akiendelea kuhesabu mahudhurio. Msajili hakutuhumiwa. Alipewa tu kazi ambayo ndani yake hakuna sababu ya kupendelea jibu fulani.

Na yale mamlaka ya mkurugenzi yalitugharimu mjadala mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Wajumbe wawili wa bodi walipinga kwa hoja nzuri: agizo la mashine limepitishwa na bodi, iweje mtu mmoja alisimamishe? Jibu lililokubaliwa lilikuwa kwamba bodi haitoi mamlaka yasiyo na mipaka. Bodi inaamua leo, kwa utulivu, nini kifanyike sharti fulani likitimia, na mkurugenzi anatekeleza uamuzi wa bodi siku sharti hilo linapotimia. Kizingiti kisichokuwa na hatua iliyoidhinishwa kabla kinazalisha kikao. Wakati huo hakuna muda wa kikao.

Niseme pia mipaka ya chombo hiki, kwa kuwa nisingependa mtoke hapa mkikibebesha kisichobebeka. Rejista ya aina hii haiwezi kuiona dhana ambayo hakuna mtu chumbani aliyejua kwamba anaiamini. Tulipunguza upofu huo kidogo kwa kumwita mtu ambaye hakuandaa bajeti, mara nyingi mkaguzi wa ndani au mkuu wa kituo, akae na bajeti na aulize kwa kila namba kubwa imetoka wapi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mapato ya karakana ya tano kila mwezi yalitegemea mteja mmoja kwa zaidi ya nusu. Pili, vizingiti vikiwekwa karibu mno na makadirio, vitalia kila mwezi na watu watazoea kelele. Sisi tuliweka kizingiti cha ada kwenye asilimia 95 mwanzoni, kikavukwa miezi mitatu mfululizo bila madhara yoyote. Tulipohesabu ni kiwango gani kinachoisogeza kweli tarehe ya fedha kuisha, tukakishusha hadi 85. Na tatu, mistari ina mwisho wake. Dhana ya awamu ya pili inakoma siku fedha inapoingia, na mstari wake ufungwe siku hiyo, pamoja na tarehe na namba halisi iliyopatikana, ili anayeandaa bajeti ya mwaka ujao ajue tulidhani nini na ikawa nini.

Kikao cha kuipitia kilikuwa cha dakika 20 kila mwezi. Hatukusoma vihatarishi. Kila msomaji alitaja namba yake, kizingiti chake, na siku ya mwisho ya uamuzi iliyobaki. Ambaye namba yake haikuwapo alisema haipo, na hilo pekee lilihesabiwa kuwa kizingiti kimevukwa, kwa kuwa namba isiyopatikana siku yake mara nyingi ni habari mbaya iliyochelewa njiani.

Mwaka ule wa pili, tarehe 15 ya mwezi wa 4, afisa miradi alihesabu hati nne zinazokosekana. Aliandika barua ya mistari mitatu kwa mkurugenzi mchana huo. Mkurugenzi alisimamisha agizo la mashine siku mbili baadaye, na wakuu wa karakana walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Hati tatu zilipatikana, ya nne haikupatikana kamwe, mkaguzi akaeleza hilo katika hati yake, na mfadhili akauliza maswali yaliyochukua wiki sita zaidi. Ruzuku iliingia katikati ya mwezi wa 8. Mishahara ya mwezi wa 7 ilikuwa imelipwa tarehe 25 kama kawaida, kutoka kwenye fedha ambazo zingekuwa zimekwenda kwa muuza mashine. Mashine ziliagizwa mwezi wa 9 kwa bei iliyokuwa imepanda kidogo, na ongezeko hilo tuliliandika kwenye mstari ule ule, kando ya tarehe ya kuufunga, kuwa ndiyo gharama tuliyolipa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.